Nilivyoamua kufanya SBR na AAA katika msimu mmoja

Mitihani ya ACCA, ya sifa ya kitaaluma ya uhasibu, hufanyika mara nne kwa mwaka, Machi, Juni, Septemba na Desemba, na mtahiniwa anaruhusiwa kufanya hadi karatasi nne katika msimu mmoja. Nilipofika ngazi ya juu nilianza na AAA, yaani ukaguzi wa hesabu, pamoja na AFM ya usimamizi wa fedha, nikaiacha SBR ya taarifa za fedha kwa kuihofia. AFM nilifaulu, AAA nilipata 41, wakati alama ya kufaulu ni 50.

Sababu niliiona mwalimu aliposahihisha jaribio langu la zamani. Swali lilihusu mitambo iliyoandikwa vitabuni kwa milioni 90. Ikiuzwa ingeleta milioni 78 baada ya gharama za kuuza, na ikiendelea kutumika thamani yake ilikuwa milioni 84. Mimi nilijaza ukurasa mzima kwa taratibu za ukaguzi, lakini sikusema popote kwamba, kwa mujibu wa kiwango cha uhasibu cha IAS 36, huchukuliwa kiasi kikubwa zaidi kati ya hivyo viwili na kulinganishwa na thamani ya vitabuni, hivyo kulikuwa na hasara ya milioni 6 ambayo kampuni haikuiandika. Faida kabla ya kodi ilikuwa milioni 60. Kosa la asilimia 10 ya faida mkaguzi hawezi kulifumbia macho. Hayo yote ni maarifa ya SBR, na AAA humchukulia mtahiniwa kuwa anayo tayari.

Kwa hiyo katika msimu wa baadaye niliziweka hizo mbili pamoja. Nilikuwa na wiki 14 na takriban saa 12 kwa wiki, nikatumia wiki sita za kwanza kwa SBR peke yake. Kisha kila kiwango cha uhasibu nilichokirudia nilikitazama kwa jicho la mkaguzi: makadirio ya mapato ya hiyo mitambo ameyaandaa nani, kiwango cha punguzo kimetoka wapi, na ni ushahidi gani ungenitosheleza. Somo moja likawa marudio ya jingine, jambo ambalo AFM isingenipa hata kidogo.

Hata hivyo, AAA sikujiandikisha mapema. Nilingoja mwisho wa wiki ya sita, nikafanya jaribio zima la SBR kwa saa tatu na dakika 15, nikiwa nimeazimia kwamba nikishindwa kulimaliza ningebaki na SBR pekee. Nililimaliza, na dirisha la kujiandikisha lilikuwa bado wazi. Ugumu uliobaki ni kwamba karatasi zote mbili ni za maelezo marefu, kwa hiyo nilihakikisha kwanza kuwa ratiba haikuziweka siku zinazofuatana.

SBR nilipata 58, AAA 52.