Kumbukumbu ya Maendeleo ya Mgonjwa Aliyeanza Klozapini: Uzoefu Wangu wa Wodini Malindi

Mgonjwa alikuwa kijana mvuvi ambaye dawa mbili za awali hazikumwondolea sauti alizozisikia, na alikuwa akimaliza wiki ya kwanza ya klozapini, kwa kipimo cha miligramu 100 kwa siku. Kabla ya kuanza, neutrofili zake, seli nyeupe za damu ambazo klozapini inaweza kuzishusha, zilikuwa 1,300 kwa mikrolita, na zilipopimwa tena zikawa 1,400, chini ya 1,500 inayohitajika kwa watu wengi. Kwa kuwa hakuwa na homa wala historia ya maambukizi ya mara kwa mara, na kwa kuwa watu wengi wenye asili ya Afrika huwa na idadi ndogo kama hiyo bila ugonjwa wowote, tulifuata kiwango chao cha 1,000. Hoja hiyo niliiandika kwa ukamilifu, kwani daktari wa zamu ya usiku akiona 1,350 ya wiki hii peke yake anaweza kuisimamisha dawa bila sababu. Niliongeza kwamba vipimo vitaendelea kila wiki. Zikishuka chini ya 1,000 tutapima mara 3 kwa wiki, na chini ya 500 dawa isimame. Akipata homa au kidonda cha koo, damu ipimwe siku hiyo hiyo.

Jambo lililonishughulisha zaidi ni choo. Alipoulizwa alijibu, "Sina neno, daktari," lakini chati ya wauguzi ilionyesha hajapata choo kwa siku 3. Klozapini hupunguza mwendo wa utumbo, na mgonjwa anaweza kufikia utumbo kuziba kabisa bila kulalamika. Kwa hiyo niliandika nilichokikuta kwa mkono na kwa sikio: tumbo laini, halijavimba, sauti za utumbo zipo, hajatapika. Benziheksoli aliyobaki nayo kutoka kwenye dawa ya zamani niliisimamisha, kwa kuwa inaongeza tatizo lile lile na hakuwa tena na mtetemeko. Nilianzisha sena, dawa ya kuendesha choo, kila usiku, nikaagiza choo kiandikwe kila siku, na tumbo likivimba au akitapika aitwe daktari mara moja.

Usingizi ulikuwa mzito hadi saa nne asubuhi. Wodini havuti sigara, na moshi ukikosekana ini huiondoa klozapini polepole, hivyo kiwango chake katika damu huenda kilikuwa kimepanda. (Muguka nao, ambao humfanya mtu akeshe, aliuacha alipolazwa.) Shinikizo la damu halikushuka aliposimama. Nilihamisha sehemu kubwa ya dawa, miligramu 75 usiku na 25 asubuhi, nikasitisha kupandisha kipimo kwa siku 2, nikazuia diazepamu. Mstari wa mwisho ulikuwa wa siku ya kuruhusiwa: akirudia sigara nyumbani kipimo kiangaliwe upya, na akikosa dawa zaidi ya saa 48 aanze tena na miligramu 12.5.