Dirisha la buluu na flashi isiyolalamika

Hapa Kibuye, Kisumu, mimi huchapa stika za watu wanaopakia asali, njugu karanga na unga wa uji. Programu ninayotumia kupanga stika hizo ni ya bure, imeandikwa na mtu mmoja anayejitolea. Toleo jipya lilipotoka nilipakua kisakinishi chake, nikabofya mara mbili, na dirisha la buluu likafunika skrini: "Windows protected your PC". Kitufe kilichoonekana ni kimoja tu, "Don't run". Mteja wangu alikuwa amesimama hapo akisubiri stika 200 za asali.

Jirani yangu fundi akachungulia. "Ndugu yangu, achana na hiyo. Mimi ninayo toleo lilo hilo kwa flashi, na haileti maneno." Kweli, alipoinakili kwenye kompyuta yangu na kuibofya, dirisha la buluu halikutokea. Lililotokea ni lile la kuomba ruhusa ya kubadilisha mfumo. Nikabofya "No", nikamwomba mteja anipe nusu saa.

Ukimya ule ndio ulionitia wasiwasi. Kivinjari kikipakua faili, Windows hulibandika alama ya siri inayosema limetoka mtandaoni, na SmartScreen, kinga ya Windows inayoleta lile dirisha la buluu, huamka inapoiona alama hiyo. Flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo haziwezi kubeba alama hiyo. Ukinakili faili kwenye flashi ya namna hiyo, alama inabaki nyuma na onyo linapotea. Kwa hiyo faili la jirani halikuwa limepita mtihani wowote, halikuulizwa swali.

Hata onyo lenyewe halikusema nina virusi. Kirusi kinachojulikana hutangazwa waziwazi na Defender, kinga ya virusi ya Windows, na hapo mimi sibishani. Dirisha la buluu hupima sifa: je, faili hili limeshapakuliwa na wengi bila madhara, au limetiwa saini ya kidijitali na mchapishaji anayefahamika? Cheti cha kutia saini hugharimu pesa, na mwandishi wa programu hii hana. Bila saini, sifa hukaa kwenye faili lenyewe, hivyo kila toleo jipya huanza sifuri hata kama lililotangulia lilitumiwa miaka. Ndiyo maana nilibofya "More info" nikakuta "Unknown publisher" bila kushtuka. Ningeshtuka kama matoleo ya zamani yangekuwa na saini na hili halina.

Basi nikarudi kwenye ukurasa wa mwandishi. Sikupitia matangazo ya injini ya kutafuta, maana huko kurasa bandia ni nyingi; nilifuata kiungo kilichomo kwenye menyu ya msaada ya toleo langu la zamani. Chini ya kila toleo ameandika SHA256, mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutokana na faili. Ikibadilika baiti moja, mfuatano wote unakuwa mwingine. Nikafungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri la Windows, kwenye folda ya vipakuliwa, ambamo nakala ya jirani ilikuwa kwenye folda ndogo ya flash:

```
Get-FileHash .\setup-2.4.1.exe
Get-FileHash .\flash\setup-2.4.1.exe
```

PowerShell huandika kwa herufi kubwa, ukurasa ulikuwa na ndogo. Hiyo haina neno. Nilisoma kwa kidole, herufi nne nne, hadi mwisho. Faili nililopakua lililingana lote. La flashi lilitofautiana tangu herufi ya kwanza, na ukubwa wake ulizidi kwa karibu megabaiti 3, ingawa jina na nambari ya toleo vilikuwa vilevile.

Kulingana huko kulinihakikishia jambo moja tu: nimepata kile alichoweka mwandishi. Mtu angeuteka ukurasa, angebadilisha faili na mfuatano pamoja. Kwa hiyo niliutafuta mfuatano ule kwenye VirusTotal, tovuti inayokagua faili kwa injini nyingi za kusaka virusi, bila kupakia faili, nikaangalia pia kama toleo lina siku kadhaa na watumiaji wa zamani wanaliongelea kwa kawaida. Hakuna injini iliyolalamika, na toleo lilikuwa na wiki tatu. Kama lingekuwa la jana usiku, ningechapa kwa toleo la zamani na kungoja.

Hapo ndipo nilipobofya tena "More info", kisha "Run anyway", kwa faili lile moja. SmartScreen yenyewe sikuizima. Stika za asali zilitoka kabla ya saa saba.

Faili la flashi nililifuta, nikamwonyesha jirani ile mifuatano miwili ikiwa sambamba kwenye skrini. Aliitazama kwa muda, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amekwisha kuliweka kwenye kompyuta mbili za wateja. Jioni hiyo tulifunga duka mapema tukaenda kuzikagua.