Mtoto aliyenyamaza: siku yangu moja zahanati, msimu wa korosho

Mimi ni muuguzi katika zahanati moja ya kijiji wilaya ya Tandahimba, Mtwara. Kijiji sikitaji, wala wagonjwa siwataji. Siku ninayoisimulia ni ya mwezi Novemba, korosho zinaokotwa na mvua za kwanza zimeshagusa ardhi. Msimu huu akina mama wanaondoka nyumbani giza bado halijatoka, na watoto wadogo wanabaki na bibi zao.

Saa 12 asubuhi

Nachota maji. Huku juu kwenye nyanda za Makonde maji ni ya kuyahesabu, kwa hiyo kabla ya kitu chochote nahakikisha ndoo ya kunawia imejaa na jagi la maji ya kunywa limefunikwa. Jagi hilo ni kifaa cha kazi kama kipimajoto, na baadaye mtaona kwa nini.

Saa 1 na nusu

Tabibu wetu yuko kwenye kikao wilayani. Nimebaki mimi na mhudumu mmoja. Nakagua kabati: mseto upo, vipimo vya haraka vya malaria vipo, artesuneti, dawa ya sindano ya malaria kali, ipo. Vijiti vya kupimia sukari vimekwisha tangu wiki iliyopita. Niliagiza, nikaagiza tena. Basi.

Saa 2 na nusu

Foleni ina watu kama ishirini, nusu yao wamebeba watoto. Kabla sijakaa kitini napita mstari mzima, mara moja, nikiangalia nyuso. Mwanzoni mwa kazi nilikuwa namwita kwanza anayelia sana, maana kelele zinamchanganya kila mtu. Siku hizi anayelia kwa nguvu, anayemsukuma mama yake na kumtazama nesi kwa chuki, huyo anaweza kusubiri. Ana nguvu. Mimi namtafuta aliyenyamaza.

Wa kwanza ni binti wa miaka miwili. Mama yake anasema, "Nesi, anatapika kila kitu."

Neno hilo ni zito, kwa hiyo silipokei hivihivi. Kutapika mara tatu usiku ni jambo moja. Kushindwa kubakiza chochote tumboni, hata maji, ni jambo jingine kabisa, kwa sababu mtoto wa namna hiyo hata dawa ya kunywa haitamfaa. Nikampa mama kikombe na kijiko. Mpe kidogokidogo, nikamwambia, ukae hapo nikuone. Baada ya dakika kumi binti amekunywa maji kama nusu kikombe na yamebaki tumboni, na sasa anakigombania kijiko chenyewe. Kipimo chake kilionyesha malaria, akanywa dozi ya kwanza ya mseto mbele yangu. Nikamwambia mama: akiitapika ndani ya nusu saa, nitampa nyingine. Hakuitapika.

Saa 3 na dakika 40

Kwenye kona ya benchi, karibu na mlango, amekaa bibi mmoja na mtoto mgongoni amefungwa kanga. Wakati ule napita mstari hawakuwepo. Kichwa cha mtoto kimelala upande na kinacheza kila bibi anapojisogeza.

"Shikamoo bibi. Mjukuu ana nini?"

"Marahaba mwanangu. Alikuwa na homa siku mbili, moto kweli kweli. Jana usiku nikampa panado, homa ikashuka. Leo amelala vizuri tu. Nimemleta umwangalie, mama yake yuko shambani."

Tangu lini amelala? Tangu alfajiri. Jana amekula nini? Uji, vijiko viwili, jioni. Na maji? Bibi akafikiri. "Hataki."

Hapo nikamtoa kwenye foleni. Waliotangulia waliguna, wakaacha.

Mtoto ni wa kiume, miezi 14. Kipimajoto kinasoma nyuzi 37.1, na hapo ndipo mtu anapodanganyika, kwa sababu panado inashusha joto lakini haigusi vimelea vya malaria hata kimoja. Mwili umepoa, ugonjwa unaendelea.

Usingizi wa kawaida na usingizi wa hatari vinafanana mpaka umwamshe mtoto. Nikamfungua kanga yote, nikamvua shati. Mtoto mzima akifunuliwa asubuhi ile ya upepo angekunja uso. Huyu hakukunja. Nikamwambia bibi amwite kwa jina lake la nyumbani. Kimya. Nikapiga makofi karibu na sikio, akafumbua macho nusu. Nikatikisa funguo mbele ya uso wake: macho yalikuwa wazi lakini hayakuzifuata, wala hayakumtafuta bibi. Yakafumba tena. Mtoto aliyechoka ukimwamsha ataudhika, atakutazama, atalia au atamkimbilia mtu wake. Huyu aliamka bila kuwepo.

Nikachota maji kwenye jagi, kijiko kimoja, nikamkalisha na kumgusisha mdomoni. Yakateremka kidevuni. Sikujaribu kijiko cha pili. Mtoto asiyemeza ukimlazimisha, maji yanaingia mapafuni.

Likabaki swali la mwisho, na hilo lina namna yake ya kuulizwa. Ukiuliza "amepata degedege?" mbele ya watu, wengi watakataa, kwa sababu bado wapo wanaoamini kuwa mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa, na wanajua zahanati kuna sindano. Kwa hiyo niliuliza kwa sauti ya chini kama kuna wakati alikakamaa, au macho yalipanda juu, au mikono ilirukaruka. Bibi akatazama chini. "Usiku, kidogo. Mara moja." Kisha akanishika mkono. "Msimchome, mwanangu."

Mara moja katika ugonjwa huu inahesabika, hata kama sasa ametulia. Dalili za hatari tunazozitafuta kwa kila mtoto wa miezi 2 hadi miaka 5, awe kaja na homa, kuhara au kikohozi, ni nne: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea kwa usingizi usio wa kawaida au amepoteza fahamu. Moja tu inatosha kumpeleka hospitali. Huyu alikuwa na tatu. (Kichanga wa chini ya miezi 2 ana orodha yake. Huyo hata kunyonya kwa uvivu tu kunatosha kunitoa kitini.)

Kuhusu sindano nilimwambia bibi ukweli: wanaokufa baada ya sindano mara nyingi waliletwa wamechelewa, na sindano ikabeba lawama. Na huyu hawezi kumeza, nitampaje dawa? Hakusema ndiyo. Aliachia tu mkono wangu.

Saa 4

Kipimo cha malaria kimetoa mistari miwili. Lakini hata kingetoa mmoja, safari ya hospitali ilikuwa palepale. Dalili ya hatari inakwambia mtoto yuko katika hali gani; jina la ugonjwa linafuata.

Mizani ya kuning'iniza inasema kilo 9. Artesuneti kwa mtoto wa chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, basi 27. Nilichanganya kichupa cha miligramu 60 kwa ajili ya sindano ya msuli, kila mililita ikawa na miligramu 20, nikavuta 1.4 na kumchoma mbele ya paja saa 4 na dakika 10. Nikaandika saa hiyo kwenye fomu ya rufaa kwa herufi kubwa. Nikampa pia dozi ya kwanza ya ampisilini na jentamisini, kwa sababu mtoto aliyelegea hivi anaweza kuwa na malaria na bakteria kwenye damu au kwenye uti wa ubongo kwa pamoja, na kwa macho yangu siwezi kuvitenganisha.

Halafu sukari. Hajala tangu jana jioni, akiba ya mwili mdogo ni ndogo, na malaria kali inaimaliza haraka. Sukari ikishuka, usingizi unaongezeka, na ubongo unaweza kuumia moja kwa moja. Vijiti vya kupimia sina, lakini kwa mtoto kama huyu hatusubiri kupima. Vijiko vinne vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, ndani ya mililita 200 za maji safi ya jagi lile. Nikapitisha mpira puani hadi tumboni, nikahakikisha umefika, nikateremsha mililita 50 polepole. Siku ambazo mpira haupo, kijiko kimoja cha sukari iliyololoweshwa kwa matone ya maji huwekwa chini ya ulimi, kidogokidogo, na kurudiwa.

Mama yake alifika mbio, miguu imejaa vumbi, mikono bado inanuka mabibo. Akatoa ziwa. Mtoto hakulishika. Mama ndipo alipoelewa, mimi sikuhitaji kusema.

Saa 4 na dakika 35

Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mjamzito. Mhudumu akakimbia ghalani, kulikuwa na gari linapakia korosho. Dereva aliacha magunia chini. Mama akakaa mbele, mtoto kalala ubavu mapajani mwake ili akitapika asipaliwe, amefunikwa vizuri, na chupa ya maji ya sukari mkononi mwa bibi ya kumpa akiamka sawasawa na kuweza kumeza, si kabla. Nikapiga simu hospitali kuwaambia anakuja nani na amepewa nini.

Saa 5 hadi saa 9

Kliniki, chanjo, vidonda, mzee wa presha, kijana aliyekatwa na panga. Nilikula mhogo wa kuchemsha nimesimama.

Saa 10 jioni

Yule binti wa kijiko alirudi na mama yake, si kwa ugonjwa, walisahau kadi. Alikuwa anamenya embe. Nikamkumbusha mama kwamba dozi inayofuata inanywewa zikipita saa 8 tangu ile ya kwanza, na kwamba akikataa kunywa, au akilala akawa haamshiki, asisubiri kesho hata kama mwili umepoa. "Hata kama umepoa?" akauliza. Hata kama umepoa.

Saa 3 usiku

Simu. Muuguzi wa wodi ya watoto anataka uhakika wa saa ya sindano, maana fomu ililowa jasho mkononi mwa mama na namba haisomeki. Saa 4 na dakika 10, nikamwambia. Basi ya pili ni saa 4 na dakika 10 usiku, akasema, imebaki saa moja na kidogo.

"Anaendeleaje?"

"Bado mzito. Lakini tulipomtoboa mshipa jioni alilia."

"Alilia vipi?"

"Alilia, dada. Wodi nzima ilisikia."