Matembele

Juni 2019 nilikuwa nina wiki ya tatu kwenye kituo cha simu za wakulima jijini Dar es Salaam. Tulifundishwa kufungua simu kwa mpangilio mmoja: salamu, lugha, mahali, zao. Mchana ule kioo kilionyesha watu saba kwenye foleni, nami nikaona salamu peke yake inatosha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Viazi vyangu vinaoza."

Nimezaliwa na kukulia Njombe. Kwetu ukisema viazi, bila kuongeza neno, ni viazi mviringo, na vikioza unayo maadui wawili wa kuwafikiria, bakajani na mnyauko. Sikumuuliza yuko wapi. Nikamwuliza kama shamba lilipata mvua nyingi, akasema mvua zilikuwepo ila zimekatika. Nikaanza kumweleza dawa ya ukungu, kiasi cha kuchanganya na maji, na namna ya kupulizia hadi chini ya majani. Alikuwa ananisikiliza kwa heshima, akiitikia "ee, ee" taratibu kama mtu anayetafuta neno lifuatalo. Nikadhani anaandika.

Nilipomaliza akauliza: "Sasa mwanangu, nikishapulizia, matembele nitakaa siku ngapi ndiyo nichume?"

Mkono ulinifia juu ya kipanya. Hakuna anayechuma majani ya viazi mviringo akayapika mboga. Matembele ni majani ya viazi vitamu, na yule mama alikuwa anapanga kununua dawa, ainyunyizie mboga ya watoto wake, kwa ugonjwa ambao shamba lake halikuwa nao.

Nikamwambia, "Mama, samahani sana, nimekukosea. Usinunue dawa hiyo. Naomba tuanze upya. Unapenda tuongee Kiswahili, au kuna lugha nyingine inayokuwia rahisi zaidi?"

Kikapita kimya kifupi. "Kisukuma ningeeleza vizuri."

"Na unapiga ukiwa wapi?"

"Misungwi."

Dada aliyekaa meza ya pili ni Msukuma. Nilimwita akavaa kisikilizio chake, nami nikabaki kwenye laini. Alipoanza na "Mwadila, mayu," sauti ya mama ilibadilika hapo hapo. Yale "ee, ee" yakaisha, akamwaga maneno, na dada akawa ananiandikia kwenye karatasi kwa kalamu ya risasi.

Majani mazima, ya kijani. Viazi ukivipasua vina vijitundu vyeusi vinavyozunguka ndani kama njia za mchwa, na mle njiani kuna vijifunza vyeupe. Vikipikwa ni vichungu. Amejaribu kuvikata akaushe michembe, uchungu hautoki. Matuta yamepasuka tangu mvua ziishe, na viazi amekuwa akichimba kidogo kidogo, vya kula tu, vingine akiviacha ardhini.

Huyo ni fukusi wa viazi vitamu. Hana uwezo wa kuchimba udongo mgumu. Anashuka kupitia nyufa hadi kwenye kiazi, ndiyo maana kiangazi ndicho msimu wake. Dawa ya ukungu haimgusi, na funza akishakuwa ndani ya kiazi, unachopulizia juu ya majani hakimfikii.

Dada akamweleza kwa Kisukuma tulichokubaliana: achimbe vilivyokomaa vyote sasa, asiviache vikisubiri, matuta yatakayobaki ayafukie nyufa kwa jembe, vilivyotobolewa avizike mbali na shamba, na asiwape ng'ombe wala nguruwe, kwa kuwa uchungu ule ni sumu. Msimu ujao mbegu akate ncha za mashina, si sehemu ya chini karibu na udongo, maana fukusi hutaga mayai huko. Na asipande jirani na shamba la mwaka huu. Mama aliuliza swali moja tu, kama matembele anaweza kuendelea kuchuma. Anaweza, mradi hajapulizia kitu.

Jioni ile niliandika kikaratasi nikakibandika pembeni ya kioo. Kilikuwa na maneno niliyoyasema kwa miaka yote iliyofuata: "Shikamoo, karibu. Tuongee Kiswahili, au lugha gani? Uko wilaya gani, kijiji gani? Ni zao gani linalokutia wasiwasi?" Chini yake, kwa wino mwekundu, niliongeza swali langu mwenyewe kwa kila atakayesema viazi: "Majani yake mnakula?"

Baada ya wiki mbili nilimpigia. Alikuwa amevuna viazi vyote, karibu nusu vilifaa. Alinisalimia kwa Kisukuma, akasubiri. Nilikuwa nimemwomba dada anifundishe, nikajibu.