Namba 21.5: jinsi tulivyojiandaa kutetea ripoti ya titresheni

Jioni ya kuamkia siku ya kutetea ripoti yetu, mimi na mwenzangu wa kundi tulikaa kibarazani kwa shangazi yake, Soweto, hapa Moshi. Tulikubaliana kwamba yeye awe mwalimu anayeuliza, na jibu lolote la kukariri asilipokee.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima asidi iliyomo kwenye siki nyeupe tuliyoinunua Mbuyuni. Siki mililita 10 tuliizimua kwa maji hadi 100, tukachukua 25 kwa pipeti, tukatia matone ya fenolfthalini, kiashiria kinachogeuka rangi asidi inapokwisha, kisha tukadondosha besi, sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M, kutoka kwenye bureti, ule mrija mrefu wenye vipimo na koki chini. Tulirudia mara nne, tukatumia mililita 20.8, 20.7, 21.5 na 20.8. Ile 21.5 tuliiacha, na kwenye ripoti nikaandika: "kutokana na makosa ya kibinadamu".

Alianza na kiashiria.

"Kwa nini fenolfthalini?"

"Kwa sababu rangi yake inaonekana vizuri."

"Hata methili oranji inaonekana vizuri, kaka. Ungeitumia, ingekuwaje?"

Nikakwama. Tulifungua daftari tukapiga hesabu pamoja. Asidi ya siki ni dhaifu, kwa hiyo inapokwisha kabisa, myeyusho haubaki kwenye pH 7. Unakuwa na ubesi kidogo, kati ya 8 na 9, na fenolfthalini huanza kugeuka hapo hapo. Methili oranji humaliza kugeuka kwenye pH 4.4, na kwa siki yetu hapo tungekuwa tumedondosha mililita 6 na kidogo tu. Tungeona manjano tukadhani tumemaliza, kumbe zaidi ya theluthi mbili za asidi bado zimo. Jibu la kwanza halikuwa la uongo, lakini halikugusa siki hata kidogo.

Ndipo akaifikia 21.5.

"Makosa ya kibinadamu ni yapi hayo?"

"Labda tulisahau faneli juu ya bureti."

"Faneli ikidondosha, kiwango ndani ya bureti kinapanda au kinashuka?"

"Kinapanda."

"Basi ungesoma umetumia kidogo kuliko ulivyotumia kweli. Wewe umesoma nyingi. Hiyo faneli haikusaidii."

Swali hilo ndilo lililonifundisha kuliko mengine yote. Nilikuwa natafuta kosa lolote, wakati namba yenyewe ilikuwa inasema kosa lazima liwe la kuongeza. Nikataja pipeti kubaki na maji. Akauliza vilevile: maji yangeipunguza asidi, na namba ingeshuka. Hilo nalo likatoka.

Tukarudi kwenye daftari la maabara. Bureti yetu ni ya mililita 50. Mzunguko wa kwanza ulianzia 0.0 ukaishia 20.8, wa pili ukaishia 41.5. Zilibaki mililita 8.5 tu, hazikutosha wa tatu. Nikakumbuka: nilizimwaga zote kwa kufungua koki hadi tone la mwisho, nikajaza upya hadi sifuri, nikaanza. Sikuangalia chini ya koki.

"Ile ncha ya chini ilikuwa na nini?" akauliza taratibu.

Hewa. Matone ya kwanza yalijaza ncha badala ya kuingia kwenye chupa, lakini bureti iliyahesabu kana kwamba yametumika. Kosa la kuongeza, na limetokea kwenye mzunguko uleule uliofuata kujaza upya. Wa nne ulianza na ncha iliyokwisha jaa, ndiyo maana ulirudi 20.8.

Asubuhi tuliwahi maabara, tukamwomba fundi bureti ileile. Tuliimwaga kabisa, tukajaza maji hadi sifuri, tukafungua koki polepole. Niliinama jicho likiwa sawa na ncha: kipovu kilishuka, kikasita kidogo, kikatoka na tone la kwanza. Kiwango kilisimama 0.6. Tofauti yetu ilikuwa 0.7. Hazilingani kabisa, na tulikubaliana tusidai zinalingana, ila ukubwa ni uleule na mwelekeo ni uleule.

Mbele ya jopo, mwalimu mmoja aliuliza kwa nini hatukuchukua wastani wa zote nne. Nilimwambia wastani hufaa pale namba zinapotofautiana kwa kubahatisha, huku na huku. Hewa kwenye ncha husukuma upande mmoja tu. Kuijumuisha kungepandisha wastani kutoka 20.77 hadi 20.95. Kwa tatu zinazokubaliana, siki ilitoka 0.83 M, karibu gramu 50 za asidi kwa lita, na lebo ya chupa inasema asilimia 5.

Akauliza tumejuaje kuwa ni hewa. Mwenzangu akamweleza kuhusu bureti ya asubuhi, na ile 0.6.