Siku moja wodini: sodiamu ya bibi ni 112, na hatutaki ipande haraka

Saa 1:30 asubuhi. Taarifa ya zamu ya usiku ina mgonjwa mmoja anayenikaa kichwani kabla hata sijamwona. Ni bibi wa miaka 74, ameletwa alfajiri akiwa amechanganyikiwa. Kipimo cha malaria hasi, sukari 6.2, joto la kawaida. Sukari naiuliza mapema kwa sababu mbili: ikishuka humchanganya mtu akili, na ikipanda sana huvuta maji kuingia kwenye damu na kuishusha sodiamu. Kwake yeye siyo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ng'ombe wameshafungwa?"

Binti yake ananiambia kwa sauti ya chini kwamba ng'ombe waliuzwa baba alipofariki. Wiki mbili hizi mama anayumba akitembea, anasikia kichefuchefu, chakula hakitaki. Anakunywa uji mwepesi, chai ya rangi na maji mengi, maana majirani walimshauri anywe maji asafishe mwili. Jana alianguka akienda chooni. Namkagua: kichwa hakina jeraha, mboni zinaitikia mwanga sawasawa, mikono na miguu ina nguvu pande zote. Ulimi umekauka. Presha ni 118 kwa 70 akiwa amelala, tukimkalisha inashuka hadi 94.

Halafu namwomba binti dawa zote, na nasema zote kwa makusudi, pamoja na zile za kabatini. Anamwaga mfuko kitandani. Kuna amlodipini, omeprazoli, fluoksetini aliyoandikiwa baada ya msiba kwa sababu hapati usingizi usiku na analia, na kidonge cha presha chenye losartani iliyochanganywa na hidroklorothiazidi. Mwisho kuna kipakiti cha karatasi: bendro, aliyopewa mahali pengine mwezi uliopita presha ilipoonekana iko juu.

Hapa ndipo ugonjwa wake ulipo. Bendro na hidroklorothiazidi ni ndugu, zote ni dawa za kukojosha za ukoo mmoja, na moja ilijificha ndani ya kidonge cha mchanganyiko. Binti hakuwa na namna ya kujua, alimpa mama kila alichoandikiwa. Dawa za ukoo huu huondoa sodiamu na potasiamu kwenye mkojo, na wakati huohuo huinyima figo uwezo wa kutoa mkojo mwepesi, yaani wa maji matupu. Fluoksetini kwa upande wake huweza kuufanya mwili uendelee kutoa homoni inayozuia maji yasitoke. Ongeza uzee, uji usio na chumvi wala protini na maji ya kunywa bila kiasi: maji yanaingia, hayana pa kutokea.

Saa 3:00. Majibu ya maabara. Sodiamu 112, wakati kawaida ni 135 hadi 145. Potasiamu 2.8, nayo iko chini. Kreatinini ni ya kawaida.

Daktari wa mafunzo ameshapiga hesabu pembeni ya faili. Kilo 52, zidisha kwa 0.5, zidisha kwa pengo la kufika 135: karibu milimoli 600 za sodiamu, sawa na takriban lita 4 za dripu ya chumvi ya asilimia 0.9. "Dokta, tukimwekea zote leo, kesho asubuhi atakuwa sawa."

Namvuta kiti tukae, kwa sababu hesabu hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza, inadhani mgonjwa hatakojoa. Ya pili ni kubwa zaidi: inamtazama bibi kana kwamba sodiamu yake imeshuka leo.

Sodiamu ikishuka ghafla, maji huingia kwenye seli za ubongo na ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Mtu huyo hupata kifafa, hupoteza fahamu, anaweza kufa. Ila ikishuka polepole kwa siku nyingi, ubongo hujitetea. Seli zake hutoa nje potasiamu na chembechembe nyingine zilizoyeyuka ndani yake, maji yanazifuata, uvimbe unapungua. Kazi hiyo huchukua kama siku mbili. Bibi ana wiki mbili. Ubongo wake umeshauzoea upungufu, ndiyo maana kwa 112 bado anaweza kuniitikia shikamoo.

Sasa ukiipandisha sodiamu ya damu haraka, maji yanavutwa kutoka kwenye seli ambazo zilishatoa akiba yake na hazijaweza kuirudisha. Zinasinyaa. Zinazoumia zaidi ni zile zinazotengeneza ala ya mafuta inayofunika nyuzi za fahamu, hasa kwenye ponsi, sehemu ya shina la ubongo ambako hupita karibu kila amri inayokwenda mikononi, miguuni, mdomoni na kooni. Adams, Victor na Mancall waliueleza ugonjwa huo mwaka 1959, na ilichukua miaka mingi zaidi mpaka ikaeleweka kuwa kasi ya kusahihisha sodiamu ni chanzo kikubwa. Ukatili wake uko kwenye muda. Siku ya kwanza mgonjwa anachangamka, ndugu wanashukuru. Kati ya siku ya pili na ya sita maneno yanaanza kukwama, kumeza kunakuwa kugumu, viungo vinalegea. Wapo wanaobaki macho, wanasikia kila kitu, na hawawezi kusogeza chochote isipokuwa macho. Wengine hupata nafuu, wengine hawapati.

Basi tunaandika kwa kalamu nene juu ya faili lake: *Lengo 116 hadi 118 kesho saa 3 asubuhi. Isivuke 120.* Yaani tunataka ipande 4 hadi 6 kwa saa 24, na 8 ndiyo ukuta. Kwa wagonjwa wasio na hatari ya ziada wengi huruhusu 10. Miaka ya karibuni kuna tafiti zilizoonyesha kwamba waliosahihishwa polepole sana walikufa zaidi, na mjadala bado ni mkali. Ila bibi ana potasiamu ndogo na hajala wiki mbili, na hao ndio ponsi zao huumia kirahisi. Kwake nashika 8.

"Na akipata kifafa?" daktari wa mafunzo anauliza. Swali zuri. Akipata kifafa au akizimia hatungoji: chumvi kali ya asilimia 3, mililita 150 ndani ya dakika 20, pima, rudia ikibidi. Kupanda 4 hadi 6 kunatosha kuutuliza ubongo uliovimba, na hapo tunasimama. Sodiamu iliyopandishwa hivyo inahesabiwa ndani ya ileile 8 ya siku.

Saa 4:00. Bendro, kidonge cha mchanganyiko na fluoksetini vyote vimesimamishwa. Amlodipini tunaisubirisha mpaka presha ya kukaa itulie. Bibi amepungukiwa maji na chumvi pamoja, kwa hiyo anapata dripu ya chumvi ya 0.9, mililita 500 kwa saa nne, si zaidi. Sista anaweka mpira wa mkojo ili tuhesabu kila saa.

Potasiamu tunampa kwa mdomo, vidonge viwili mara tatu kwa siku, jumla milimoli 48. Hapa watu wengi hujikwaa: potasiamu nayo hupandisha sodiamu. Ikiingia ndani ya seli, sodiamu hutoka nje. Kwa mwili wenye maji kama lita 26, milimoli 48 ni karibu pointi 2 nzima kati ya 8 tulizo nazo. Tunaiandika kwenye hesabu.

Saa 7:00 mchana. Sodiamu 114. Mkojo mililita 40 kwa saa, wa njano iliyoiva. Vizuri sana. Naendelea na wagonjwa wengine.

Saa 9:30 alasiri. Sista ananitumia ujumbe, nashuka ngazi mbilimbili. Mfuko wa mkojo umejaa na mkojo ni mweupe kama maji ya bomba. Saa iliyopita peke yake, mililita 350.

Hili ndilo nililokuwa naliogopa. Mwili wa bibi ulikuwa unashikilia maji kwa sababu ulijiona umekauka na dawa zilikuwa zimezifunga figo. Dripu imejaza kilichopungua, dawa zinaanza kuisha nguvu, homoni imezimika. Figo sasa zinamwaga maji matupu, na kila lita inayotoka inaisukuma sodiamu juu bila sisi kuongeza kitu. Mkojo ukizidi mililita 100 kwa saa, usisubiri ratiba, pima sodiamu wakati huohuo.

Saa 10:00. Jibu: 118. Imepanda 4 ndani ya saa tatu, 6 tangu asubuhi. Kwa mwendo huo tungevuka 120 kabla ya magharibi.

Dripu ya chumvi ilikwisha mchana, hatuongezi nyingine. Tunaanza dekstrozi ya asilimia 5, ambayo sukari yake ikishatumika huacha maji tu: mililita 150 kwa saa. Bibi anameza vizuri akikalishwa, basi binti anampa maji ya kunywa mililita 200 kila saa. Kinachotoka kinarudishwa. Sukari ya damu tunaipima kila saa mbili.

Binti ananishika mkono mlangoni. "Daktari, asubuhi mlisema maji ndiyo yamemdhuru. Sasa mnamwambia anywe. Na alikuwa ameanza kuongea vizuri." Namwambia ukweli: mama anapona haraka kuliko ubongo wake unavyoweza kuhimili, na maji haya ni breki. Anafikiri kidogo, anarudi kuchukua kikombe.

Breki bora ni desmopresini, inayoiambia figo ishike maji. Sisi hatuna. Mfamasia anapiga simu, anaipata hospitali nyingine inakotumika kwa wagonjwa wenye tatizo la kuvuja damu. Bodaboda anaileta kwenye kiboksi chenye barafu.

Saa 12:00 jioni. Sodiamu 119. Tunamchoma maikrogramu 2 kwenye mshipa. Na kuanzia hapo amri inageuka: dekstrozi inafungwa, kikombe kinaondolewa. Mkojo ukishazuiwa, maji unayoendelea kumpa yatabaki yote ndani na sodiamu itaporomoka upya.

Saa 2:30 usiku. Mkojo mililita 60 kwa saa, umerudi kuwa wa njano. Sodiamu 118. Bibi ananiuliza kama nimekula, na jina la binti yake analitaja bila kukosea.

Namkabidhi kwa daktari wa usiku kitandani pake, siyo kwa karatasi peke yake. Sodiamu saa 5 usiku na saa 9. Mkojo kila saa, ukivuka 100 aniite. Ikifika 120, dekstrozi irudishwe. Dozi ya pili ya desmopresini ni saa 8 usiku, asiiruke hata kama mkojo unaonekana umetulia. Maneno na kumeza vitaangaliwa kila asubuhi kwa wiki nzima. Kwenye kadi ya kliniki nimeandika kwa herufi kubwa kwamba asipewe tena bendro wala kidonge chochote chenye hidroklorothiazidi, na binti amekipiga picha kila kidonge kilichokuwa kwenye mfuko.