Usikate pale mawimbi ya sauti yanapoisha

Video ya mtu anayeongea na kamera huharibika zaidi kwa kukatwa karibu mno na maneno kuliko kwa kimya kirefu. Chukua mpishi anayesema: "Kata vitunguu," anatulia sekunde 1.2, kisha "halafu weka mafuta." Kwa fremu 25 kwa sekunde, kimya hicho ni fremu 30, na hapo mtazamaji anaweza kuanza kutoroka.

Ukikiondoa chote, maneno yatagongana. Maneno mengi ya Kiswahili huishia kwa irabu, na ile "u" ya vitunguu huendelea kufifia hata pale mawimbi kwenye skrini yanapoonekana yamelala. Achia fremu 5 baada yake. Upande wa pili kuna "h" ya halafu, herufi laini inayoonekana kama vumbi tu kwenye mstari. Ukiikata, utasikia "alafu". Achia fremu 4 kabla yake. Umebakiwa na fremu 9, umeondoa 21, na sikio linasikia mtu anayeongea kawaida.

Pumzi fupi kabla ya sentensi iache, ila ishushe sauti kidogo. Ukifuta pumzi zote, msikilizaji naye huweza kuhisi kama anabanwa kifua. Pale penye mkato, unganisha sauti kwa mfifio wa fremu 2, yaani sauti moja ififie huku nyingine ikipanda, ili usisikike mlio wa "tk".

Kisha fumba macho usikilize tu. Ukihisi mpishi anakimbizwa, rudisha fremu 2 au 3 mwisho wa wazo, si katikati ya sentensi.